Kuhesabu mipinduko ya safu kwa upangaji wa kuunganisha, na namna ya kuisoma hesabu yake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameuona upangaji kwa kuunganisha ukifanya kazi, na sasa anataka kuutumia kupima safu ya namba imevurugika kiasi gani. Kuipata hesabu yenyewe ni jambo la mstari mmoja tu wa nyongeza katika programu. Kazi iliyo ngumu zaidi, ambayo nitaitolea nafasi kubwa hapa, ni kuisoma hesabu hiyo bila kuidai iseme jambo ambalo haisemi.

Kinachohesabiwa

Chukua safu yoyote, kisha uchague nafasi mbili ndani yake, moja ikiwa imetangulia na nyingine ikiwa imefuata. Ikiwa namba iliyo katika nafasi ya mbele ni kubwa kuliko ile iliyo nyuma yake, jozi hiyo imepinduka, kwa sababu katika safu iliyopangwa kutoka ndogo hadi kubwa zingekaa kinyume chake. Kila jozi ya namna hiyo ni mpinduko mmoja. Nafasi hizo mbili hazihitaji kuwa jirani: namba ya kwanza na ya mwisho hufanya jozi sawasawa na namba mbili zilizogusana.

Safu tutakayoifanyia kazi ni hii:

```
5 2 8 1 9 3 7 4
```

Kwanza tuhesabu kwa mkono, tukisimama kwenye kila namba na kuuliza ni ngapi zilizo kulia kwake ambazo ni ndogo kuliko yenyewe. Kulia kwa 5 kuna 2, 1, 3 na 4, basi ni nne. Kulia kwa 2 kuna 1 tu, basi ni moja. Namba 8 imetangulia mbele ya 1, 3, 7 na 4, basi ni nne nyingine. Namba 9 inatoa tatu, 7 inatoa moja, na zilizobaki hazitoi kitu. Jumla ni 13. Iweke namba hii akilini, kwa maana ndiyo itakayotuthibitishia kwamba njia ya haraka haijapotea.

Njia hii ya mkono hupitia kila jozi, na safu yenye namba n ina jozi n(n-1)/2. Kwa namba 8 ni jozi 28, mzigo usiomchosha mtu. Kwa namba 100,000 ni jozi 4,999,950,000, na hapo hata mashine yenye kasi itakufanya usubiri. Upangaji kwa kuunganisha huipata hesabu ileile kwa ulinganisho usiozidi milioni 1.7 hivi.

Kwa nini kuunganisha kunajua hesabu

Ikate safu katikati. Kila mpinduko uliomo utakuwa katika sehemu moja kati ya tatu: ama namba zake zote mbili ziko katika nusu ya kushoto, ama zote mbili ziko katika nusu ya kulia, ama moja iko kushoto na nyingine kulia. Mipinduko ya aina mbili za kwanza tunaiachia kila nusu ijihesabie yenyewe kwa njia hiihii, ikijikata tena hadi vipande vibaki na namba mojamoja. Kinachobaki mikononi mwetu ni ile inayovuka mpaka wa katikati.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ningependa msomaji asipapite haraka. Tunaruhusiwa kuipanga nusu ya kushoto kabla ya kuhesabu mipinduko inayovuka mpaka, na kuipanga ya kulia vilevile, bila hesabu hiyo kubadilika hata kidogo. Namba ya kushoto, popote itakapohamia ndani ya nusu yake, bado itakuwa mbele ya kila namba ya kulia. Kupanga nusu huifuta mipinduko ya ndani ya nusu hiyo, lakini hiyo tumekwisha kuihesabu, na ile inayovuka haiguswi.

Sasa nusu zote mbili zimepangwa. Weka kidole kimoja mwanzoni mwa nusu ya kushoto na kingine mwanzoni mwa ya kulia, kisha kila mara uchukue iliyo ndogo kati ya namba mbili zilizoguswa na uipeleke kwenye safu mpya. Ukichukua ya kushoto, hakuna cha kuhesabu. Ukichukua ya kulia, maana yake ni kwamba ni ndogo kuliko ile iliyoguswa kushoto, na kwa kuwa kushoto kumepangwa, ni ndogo pia kuliko zote zinazofuata huko. Kwa hiyo namba hiyo moja ya kulia imepinduka na kila namba iliyobaki kushoto, na unaongeza idadi yote hiyo kwa mkupuo mmoja. Ulinganisho mmoja umetosha kuhesabu mipinduko mingi, na ndiyo sababu njia hii inaokoa muda mwingi kiasi kile.

Tuifanye kwa safu yetu

Safu inakatika kuwa 5 2 8 1 na 9 3 7 4, na kila nusu inakatika tena kuwa vipande vya namba mbilimbili. Katika ngazi ya chini kabisa tunaunganisha 5 na 2, 8 na 1, 9 na 3, 7 na 4. Kila mara namba ya kulia ndiyo ndogo, na kushoto imebaki moja, kwa hiyo kila uunganishaji unatoa mpinduko 1. Jumla ya ngazi hii ni 4.

Katika ngazi ya kati, upande wa kushoto tuna vipande 2 5 na 1 8. Namba 1 inatoka kwanza, nayo iko kulia, wakati 2 na 5 zote bado zinasubiri, basi tunaongeza 2. Baada ya hapo zinatoka 2, 5 na 8 bila nyongeza. Upande wa kulia tuna 3 9 na 4 7. Inatoka 3, iliyo ya kushoto. Kisha inatoka 4 huku 9 peke yake ikiwa imebaki, tunaongeza 1. Inatoka 7 huku 9 bado ikisubiri, tunaongeza 1 tena. Jumla ya ngazi ya kati ni 4.

Sasa tumebaki na uunganishaji wa mwisho, wa 1 2 5 8 na 3 4 7 9:

```
inatoka 1  (kushoto)
inatoka 2  (kushoto)
inatoka 3  (kulia), zimebaki 5 8   +2
inatoka 4  (kulia), zimebaki 5 8   +2
inatoka 5  (kushoto)
inatoka 7  (kulia), imebaki 8      +1
inatoka 8  (kushoto)
inatoka 9  (kulia), hakuna         +0
```

Ngazi ya juu imetoa 5. Ukijumlisha 4, 4 na 5 unapata 13, sawa na ile ya mkono. Nakushauri uzihifadhi pia hizo namba tatu za ngazi, wala usibaki na jumla tu, kwa sababu huko mbele zitatuambia jambo ambalo jumla inalificha.

Kuiandika

Kwa Python kitendakazi kinakuwa hivi. Kinarudisha vitu viwili, yaani safu iliyopangwa na idadi ya mipinduko, na hakiigusi safu ya asili ya mwitaji.

```python
def hesabu(a):
    n = len(a)
    if n < 2:
        return a[:], 0
    k = n // 2
    kushoto, x = hesabu(a[:k])
    kulia, y = hesabu(a[k:])
    tokeo, z = [], 0
    i = j = 0
    while i < len(kushoto) and j < len(kulia):
        if kushoto[i] <= kulia[j]:
            tokeo.append(kushoto[i])
            i += 1
        else:
            tokeo.append(kulia[j])
            j += 1
            z += len(kushoto) - i
    tokeo += kushoto[i:] + kulia[j:]
    return tokeo, x + y + z
```

Mstari unaohesabu ni `z += len(kushoto) - i`. Tofauti hiyo ndiyo idadi ya namba za kushoto ambazo bado hazijatoka, ikiwamo ile iliyoguswa na kidole.

Mahali inapoharibika

Makosa ya programu hii yana tabia moja inayosumbua: safu inatoka imepangwa vizuri kabisa, na hesabu peke yake ndiyo iliyo na kasoro. Mtu anayekagua kwa kutazama kama safu imepangika hataona lolote.

Kosa la kwanza ni kuandika `z += 1` badala ya kuongeza zote zilizobaki. Kwa safu yetu, programu yenye kosa hilo itatoa 10 badala ya 13. Hatari yake ni kwamba kwa safu fupi sana inaweza kupatia: ukiijaribu kwa `[3, 2, 1]` itatoa 3, ambalo ni jibu sahihi, kwa sababu kipande cha kushoto kina namba moja tu kila mara. Mtu akijaribu kwa mfano huo mmoja ataondoka akiwa ameridhika.

Kosa la pili ni kuandika `<` mahali pa `<=`. Tumesema jozi imepinduka endapo ya mbele ni *kubwa kuliko* ya nyuma, kwa hiyo namba mbili zilizo sawa hazijapinduka. Zikilingana, lazima ya kushoto itoke kwanza. Ukiondoa alama ya usawa, kila jozi ya namba zinazolingana itahesabiwa kuwa mpinduko. Njia ya kulinasa ni kuipa programu safu ya `[4, 4, 4, 4]`: jibu sahihi ni 0, lakini programu yenye kosa itatoa 6, yaani itadai kwamba safu isiyo na vurugu hata chembe imevurugika kwa kiwango cha juu kabisa.

Kosa la tatu halitokei katika Python, ambayo namba zake kamili hukua kadiri inavyohitajika, bali hutokea katika lugha ambazo namba kamili ya kawaida ina biti 32. Namba kubwa kabisa inayoingia humo, ikiwa ina alama ya chanya na hasi, ni 2,147,483,647. Safu yenye namba 65,536 iliyopangwa kinyumenyume ina mipinduko 2,147,450,880, ambayo bado inaingia; ukiongeza namba moja tu, ikawa 65,537, mipinduko inafika 2,147,516,416 na kufurika. Dalili yake mara nyingi ni hesabu hasi, na hiyo ni bahati, kwa kuwa hakuna safu yenye mipinduko hasi. Safu ikiwa kubwa zaidi, hesabu inaweza kuzunguka hadi ikarudi kuwa chanya, na hapo hakuna kitu kitakachokushtua. Tumia biti 64 tangu mwanzo kwa ajili ya jumla, hata kama namba zenyewe za safu ni ndogo.

Kinga niliyoizoea ni kuandika pia ile njia ya polepole na kuzilinganisha mbili hizo kwa safu nyingi fupi za kubahatisha:

```python
import random

def polepole(a):
    n = len(a)
    return sum(a[i] > a[j]
               for i in range(n) for j in range(i + 1, n))

for _ in range(2000):
    n = random.randint(0, 9)
    a = [random.randint(0, 5) for _ in range(n)]
    assert hesabu(a)[1] == polepole(a), a
```

Angalia kwamba namba zinachaguliwa kati ya 0 na 5 tu. Nimefanya hivyo kwa makusudi ili zinazolingana zijitokeze mara kwa mara, na urefu unaanzia 0 ili safu tupu nayo ijaribiwe.

Kuisoma hesabu

Tuseme programu imekupa 13. Je, ni vurugu kubwa au ndogo? Namba hiyo ikiwa peke yake haijibu. Inahitaji kuwekwa kwenye mizani yenye alama tatu. Alama ya chini ni 0, na safu hupata 0 ikiwa tu imepangwa. Alama ya juu ni n(n-1)/2, inayopatikana pale ambapo namba zote ni tofauti na zimepangwa kinyumenyume. Kwetu ni 28. Alama ya tatu, ambayo watu wengi huisahau, iko katikati: safu iliyochanganywa kwa bahati nasibu huwa na mipinduko n(n-1)/4 kwa wastani, kwa sababu kila jozi ina nafasi sawa ya kupinduka na ya kutopinduka. Kwetu ni 14.

Kwa hiyo 28 haimaanishi vurugu tupu. Safu iliyopangwa kinyumenyume ina utaratibu kamili, ila utaratibu wake umegeuka, na ukiisoma kutoka mwisho utaipata imepangwa. Palipo na ukosefu wa utaratibu ni katikati. Ndiyo maana kipimo cha tau, alichokitoa mwanatakwimu Maurice Kendall mwaka 1938, huigeuza hesabu ya mipinduko iwe namba kati ya 1 na -1: unachukua 1 na kuiondolea 4I/(n(n-1)), ambapo I ni idadi ya mipinduko, na namba zote za safu zikiwa tofauti. Safu iliyopangwa hupata 1, ya kinyume hupata -1, na iliyochanganywa kwa bahati nasibu hukaa karibu na 0. Yetu inapata 1 - 52/56, yaani 0.07 hivi.

Lakini "karibu na nusu" ni karibu kiasi gani? Hapa urefu wa safu una neno kubwa. Mipinduko ya safu za kubahatisha hutawanyika kuzunguka wastani wake, na mkengeuko wa kawaida wa mtawanyiko huo ni kipeuo cha pili cha n(n-1)(2n+5)/72. Kwa namba 8 unatoka 4 hivi, ukilinganishwa na wastani wa 14. Ni mpana kiasi kwamba 10, 13 au 18 zote ni za kawaida na haziwezi kukuambia lolote la maana. Kwa namba 1,000 wastani ni 249,750 na mkengeuko ni 5,274 hivi. Ukipata mipinduko 220,000 katika safu ya namba 1,000, kwa jicho utasema ni asilimia 44 ya jozi zote, haiko mbali na nusu, basi ni vurugu tupu. Kumbe iko chini ya wastani kwa zaidi ya mikengeuko mitano, na bahati nasibu haiwezi kuaminika kuwa ndiyo iliyoileta huko. Safu ile ina mwelekeo wa kupanda, hata kama mtu akiisoma namba moja baada ya nyingine hataona.

Umbali, si idadi ya waliopotea

Kuna maana moja ya hesabu hii ambayo ni kamili, haina "takriban" ndani yake. Ukibadilishana nafasi namba mbili zilizo jirani na zilizopinduka, mipinduko inapungua kwa 1 hasa, kwa kuwa jozi nyingine zote hazikubadilisha nani yuko mbele ya nani. Na maadamu safu bado haijapangwa, lazima kuwe na majirani waliopinduka mahali fulani. Basi hesabu ya mipinduko ni idadi ndogo kabisa ya mabadilishano ya majirani yanayohitajika ili safu ipangike. Vilevile ndiyo idadi ya mara ambazo upangaji kwa kuingiza utasogeza namba hatua moja kulia. Safu yetu inahitaji hatua 13, haipungui wala haizidi.

Kinachopimwa, kwa hiyo, ni umbali wa kutembea. Linganisha safu mbili za namba 1 hadi 1,000. Katika ya kwanza, 1,000 imetolewa mwisho na kuwekwa mwanzo, nyingine zote zikibaki katika mfuatano wake. Katika ya pili, kila namba imebadilishana na jirani yake: 2 1 4 3 6 5, hivyo hivyo hadi mwisho. Ya kwanza ina mipinduko 999, ya pili 500. Hesabu inasema ya kwanza imevurugika karibu mara mbili ya ya pili, na kwa kipimo cha kutembea ni kweli. Lakini mtu anayeuliza ni namba ngapi azitoe ili zinazobaki ziwe zimepangwa atajibiwa kinyume kabisa: moja kwa safu ya kwanza, mia tano kwa ya pili. Kabla ya kutumia hesabu hii, ni vizuri ujiulize swali lako ni lipi kati ya hayo mawili.

Mfano unaonikaa zaidi moyoni ni safu iliyokatwa na kugeuzwa nusu: 501 hadi 1,000 zimewekwa mbele, 1 hadi 500 zikafuata. Kila namba ya nusu ya mbele imepinduka na kila namba ya nusu ya nyuma, kwa hiyo mipinduko ni 500 mara 500, yaani 250,000. Wastani wa safu ya kubahatisha ni 249,750. Tofauti ni 250, sehemu ndogo sana ya mkengeuko mmoja. Jumla ya mipinduko inaitangaza safu hii kuwa vurugu ya bahati nasibu, ilhali ni vipande viwili vilivyopangwa kikamilifu, na uunganishaji mmoja tu ungetosha kuikamilisha.

Zile namba za ngazi

Hapa ndipo zile 4, 4 na 5 tulizozihifadhi zinapopata kazi. Kila ngazi ya uunganishaji huhesabu jozi za umbali wa aina yake: za chini huhesabu majirani, za juu huhesabu jozi ambazo nyingi zimetengana sana. Kila ngazi pia ina kikomo chake, ambacho ni jumla ya urefu wa kushoto mara urefu wa kulia kwa kila uunganishaji. Katika safu ya namba 8 vikomo ni 4 chini, 8 katikati na 16 juu, na jumla yake ni zile 28.

Ili kuzipata, kipe kitendakazi hoja mbili zaidi, `ngazi` na `d`, ukiita nusu kwa `d + 1`, kisha kabla ya kurudisha jibu uandike:

```python
    ngazi[d][0] += z
    ngazi[d][1] += len(kushoto) * len(kulia)
```

Hapo `ngazi` inaandaliwa nje kwa `defaultdict(lambda: [0, 0])` kutoka `collections`, na mwito wa kwanza unapewa `d` ya 0.

Safu ya kubahatisha inatarajiwa kuwa na nusu ya kikomo katika kila ngazi. Safu iliyogeuzwa nusu inajifichua papo hapo: ngazi ya juu imejaa, 250,000 kati ya 250,000, na zote za chini yake zina sifuri. Ile ya majirani waliobadilishana inafanya kinyume, mipinduko yake mingi ikiwa katika ngazi za chini. Na yetu ina 4 kati ya 4 chini, 4 kati ya 8 katikati, na 5 kati ya 16 juu. Jumla ya 13 ilisema safu haina mwelekeo. Ngazi zinaonyesha majirani wote wa vipande vya mwanzo wamepinduka, huku kwa mtazamo wa mbali namba ndogo zikielekea mbele na kubwa zikielekea nyuma. Kwa namba 8 sithubutu kudai kwamba si bahati tu, lakini kwa safu ndefu mteremko wa namna hiyo ni ushahidi wenye uzito.

Tahadhari moja inabaki. Ngazi inategemea mahali mpaka ulipoangukia, haitegemei umbali wenyewe tu. Safu ya 1 3 2 5 4 7 6 8 ina mipinduko mitatu, yote ya majirani waliogusana, lakini ngazi ya chini inapata 0, ya kati 2 na ya juu 1, kwa sababu 5 na 4 zimekaa pande mbili za mpaka wa katikati. Usisome ngazi kwa idadi tupu. Igawe kila moja kwa kikomo chake, na mpinduko huo mmoja wa juu utaonekana kuwa 1 kati ya 16. Ukiwa na shaka kwamba mipaka ndiyo iliyoleta picha unayoiona, endesha programu mara ya pili ukikata safu nzima mahali pengine katika mwito wa kwanza tu, kwa mfano kwenye theluthi badala ya nusu. Jumla lazima itoke ileile. Ikibadilika, kosa liko kwenye msimbo. Picha ya ngazi nayo ikibadilika sana ilhali jumla imetulia, basi ulichokuwa unakitazama kilikuwa mipaka ya kukatia, si umbo la safu.